Kwa nini rasimu ya pili ya Sura ya Tano bado inahitaji kupangwa upya, na namna ya kuipanga

Mwalimu, salaam. Poleni na kazi huko Newala.

Nimemaliza kuisoma rasimu ya pili ya Sura ya Tano ya tasnifu yako kuhusu kangomba, yaani kuuza korosho kwa wanunuzi wa pembeni, nje ya mnada rasmi. Niseme kwanza lile unalosubiri kulisikia: sura bado haijakaa sawa, na kinachoisumbua si lugha wala data. Lugha umeisafisha vizuri. Data unayo, tena nzuri, maana watu wamekuambia mambo ambayo mtafiti anayepita na dodoso kwa siku moja hawezi kuambiwa. Kinachosumbua ni mpangilio. Najua ni habari nzito kwa mtu aliyekesha kwenye kurasa hizi miezi mingi, na ndiyo maana safari hii sikuandika maoni pembeni mwa ukurasa. Maoni ya pembeni yanafaa kurekebisha sentensi. Hayawezi kuitoa aya ukurasa wa 12 na kuipeleka ukurasa wa 35 inakostahili kukaa. Kwa hiyo nakuandikia barua: kwanza nieleze tatizo lilipo, halafu nikupe hatua za kufuata, nikitumia aya zako mwenyewe.

Tatizo lilipo

Nimeziweka rasimu zote mbili mezani, bega kwa bega. Kwenye ya kwanza nilikuuliza maswali kadhaa, na kila swali umelijibu palepale nilipoliuliza. Nilipouliza kuhusu Kijiji A, "kwa nini hakusubiri mnada?", uliongeza aya Kijiji A. Nilipouliza karibu swali hilohilo Kijiji B, uliongeza aya nyingine Kijiji B. Sura imenenepa, lakini mifupa ni ileile: 5.1 wasifu wa washiriki, 5.2 Kijiji A, 5.3 Kijiji B, 5.4 Kijiji C, 5.5 viongozi wa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, 5.6 nyaraka za minada, 5.7 mjadala.

Tazama mfuatano huo. Ndio mfuatano uliofuata wewe kukusanya data: ulianza Newala, ukaenda Tandahimba, ukavuka kwenda Nachingwea, kisha ukarudi kuzungumza na viongozi na kufungua mafaili. Hiyo ni ratiba ya kazi, na umekwisha kuieleza katika Sura ya Tatu. Mtahini akifika Sura ya Tano hatafuti tena ulikopita. Anatafuta jibu la swali uliloliuliza katika Sura ya Kwanza: kwa nini mwanachama wa AMCOS, anayejua kwamba bei ya mnada kwa kawaida iko juu, anauza sehemu ya korosho zake kwa kangomba?

Jibu la swali hilo umelipata. Nimelikuta, lakini nimelikuta kwa kuokoteza: robo liko ukurasa wa 12, robo wa 23, kipande wa 35, na kipande kingine umekificha kwenye tanbihi ya Kijiji C. Ulichokipata ni kwamba kangomba si jambo moja. Wapo wanaouza korosho zikiwa zimekwisha kuokotwa, ziko ndani ya gunia, kwa sababu fedha inahitajika leo na malipo ya mnada hayajafika. Na wapo ambao korosho zao ziliuzwa maua yakiwa bado juu ya mkorosho, Juni au Julai, walipochukua fedha ya kulipa vibarua wa palizi, mafuta ya mashine ya kupulizia, au chakula cha nyumbani. Huyu wa pili, ikifika Oktoba, hana uamuzi wa kufanya. Alikwisha kuamua zamani. Kumuuliza kwa nini hakusubiri mnada ni kumuuliza swali lisilomhusu.

Kila kijiji kina watu wa aina zote mbili. Kwa hiyo ukipanga sura kwa vijiji, kila sehemu inawachanganya tena upya, na msomaji anamaliza akidhani amesoma visa vingi vya shida ya fedha. Hiyo ndiyo sababu ya msingi ya mimi kusema sura ipangwe upya.

Iko sababu ya pili, na hii imenitia wasiwasi zaidi. Kwenye mjadala, ukurasa wa 47, umehitimisha kwamba wakulima "hawana elimu ya kutosha kuhusu mfumo wa stakabadhi ghalani", yaani ule wa kupeleka korosho ghalani zikasubiri mnada. Sasa rudi ukurasa wa 23. Yule mzee wa Tandahimba aliyekuwa na deni alikutajia bei ya mnada uliopita, akakutajia na makato yanayokatwa kabla fedha haijaingia benki, bila kuangalia karatasi. Mtu huyo hakukosa elimu. Alikosa korosho za kupeleka ghalani, kwa sababu zilikuwa za mwingine. Ushahidi wako unaipinga hitimisho yako, na hukuliona hilo kwa kuwa kati ya viwili hivyo kuna kurasa ishirini na nne za mambo mengine. Ushahidi unapotawanyika, mwandishi akifika mwisho huwa hana cha kushika, na mkono unakwenda kwenye maelezo yaliyozoeleka. Maelezo ya "elimu duni" yanapatikana kwenye kila ripoti ya kilimo. Utafiti wako una kitu bora kuliko hicho.

Hatua ya kwanza: andika kila aya inadai nini

Usifungue rasimu kwenye kompyuta. Ichapishe kwenye karatasi, chukua daftari, na uipe kila aya namba. Kisha kwa kila aya andika sentensi moja kamili inayosema aya hiyo inadai nini. Nasisitiza sentensi kamili, yenye mtu na tendo na sababu.

Nichukue mfano. Aya yako ya ukurasa wa 14 inamhusu mama wa Kijiji A aliyeuza korosho kidogo kwa jirani ili ampeleke mjukuu hospitali. Kwenye daftari ungeandika: "Mkulima aliuza kiasi kidogo, mara moja, korosho zikiwa tayari, kwa sababu ya dharura, na zilizobaki alizipeleka AMCOS." Hiyo ni aya nzima. Ina dai, na dai lake linaweza kuwekwa karibu na mengine yanayofanana nalo.

Sasa aya inayofuata, ya ukurasa wa 15, inaeleza ghala la AMCOS: mizani iko mlangoni, korosho zinamwagwa juu ya turubai zichambuliwe, karani anaandika stakabadhi, magunia yanasubiri gari. Nimeipenda, imeandikwa na mtu aliyekuwapo. Lakini jaribu kuiandikia sentensi, utajikuta unaandika "aya inahusu ghala". Ukiona "inahusu" imekujia, ujue aya hiyo ni maelezo ambayo bado hayajapewa kazi. Weka alama ya kuuliza. Tutaitafutia kazi baadaye, na ninayo moja akilini.

Alama nyingine ya kuangalia ni aya inayodai sentensi mbili. Ya ukurasa wa 23 ni ya namna hiyo: nusu ya kwanza ni deni la mzee, nusu ya pili ni malalamiko yake juu ya uongozi wa chama. Hizo ni aya mbili zilizofungwa pamoja kwa kuwa zilitoka kwenye mahojiano mamoja. Zikate.

Kazi hii ni ya siku mbili hivi kwa sura ya urefu huu. Usiirukie, maana hatua zote zinazofuata zinategemea daftari hilo. Na usirekebishe chochote unapoifanya. Ukianza kurekebisha sentensi utarudi kulekule.

Hatua ya pili: weka alama za makundi

Ukishamaliza, pitia sentensi zako na uzipe herufi. Kwa sura hii nakupendekezea nne. Herufi M iwe ya mauzo ya wakati wa mavuno, korosho zikiwa mkononi. D iwe ya deni, yaani korosho zilizofungwa kabla ya mavuno. N iwe ya wale waliohitaji fedha lakini hawakwenda kangomba kwa sababu walikuwa na njia nyingine. Na H iwe ya msimu wa 2018/19, ambao nitaueleza peke yake.

Nimeijaribu mwenyewe haraka kwenye nakala yangu. D zimeangukia kurasa za 12, 23, 35 na kwenye tanbihi ya 41. Kila moja ikiwa peke yake inasomeka kama kisa cha mtu mmoja mwenye bahati mbaya. Zikikaa pamoja zinaonyesha utaratibu: nani anakopesha, mwezi gani, mkopo unahesabiwa kwa fedha au kwa uzito wa korosho, na nini kinatokea mavuno yakiwa haba. Hakuna kijiji hata kimoja kilichokupa utaratibu huo mzima. Umeupata kwa kujumlisha vitatu.

Utakuta pia aya zisizoingia kwenye kundi lolote. Historia ya mfumo wa stakabadhi ghalani ni mojawapo. Sheria ya 2005, kuanza kutumika kwenye korosho hapa Mtwara msimu wa 2007/08, malipo ya awamu ya miaka ile, ghasia za Liwale za Aprili 2013 wakulima walipoona malipo ya pili hayalingani na walichotarajia: yote ni ya kweli na yote ni ya maana, lakini hukuyapata kwenye utafiti wako, uliyasoma. Mahali pake ni Sura ya Pili. Hapa yanachukua kurasa tano na kumchelewesha msomaji kufika kwako.

Hatua ya tatu: andika dai la sura kwa sentensi moja au mbili

Ufunguzi wa sasa unasema: "Sura hii inawasilisha na kujadili matokeo ya utafiti kuhusu mauzo ya kangomba katika vijiji vitatu." Hakuna mtu anayeweza kuubishia, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Dai la sura ni lile ambalo mtu anayeijua biashara hii anaweza kusimama akasema, "Hapana, nionyeshe."

Nakuandikia mfano, lakini sitaki uunakili. Andika wako baada ya hatua ya pili, ukiwa na daftari mbele yako:

"Wanachama wa AMCOS waliuza kwa kangomba kwa njia mbili zenye sababu tofauti. Waliouza wakati wa mavuno walikuwa wakiziba pengo kati ya siku ya mizani na siku ya malipo. Waliouza kabla ya mavuno walikuwa wamekwisha kupoteza uamuzi wa soko miezi kadhaa nyuma, na hawakuguswa na mabadiliko ya bei ya mnada."

Ukishaandika, lipime kwa maswali matatu. Je, lina aya za kutosha kwenye daftari kulibeba, kila nusu peke yake? Je, ipo aya inayolipinga? Na je, linajibu swali la Sura ya Kwanza, au limehamia swali lingine? Kwenye swali la pili usijionee huruma. Ukurasa wa 28 una kijana aliyechukua mkopo Julai lakini akapeleka korosho zote ghalani, akamlipa mkopeshaji kwa fedha baada ya mnada. Huyo anapingana na sehemu ya mwisho ya dai nililokuandikia. Usimfiche. Eleza alikuwa na nini ambacho wengine hawakuwa nacho. Kama nimesoma sawasawa, mkopeshaji wake alikuwa mjomba wake. Dai lako litapungua ukubwa kidogo na litakuwa gumu zaidi kuvunjwa.

Hatua ya nne: utenge msimu wa 2018/19

Hili ungeliona mwenyewe ukipanga kwa makundi, lakini nalisema kwa sababu linaweza kukuumiza siku ya utetezi. Novemba 2018 Serikali ilitangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, baada ya wakulima kuzikataa bei za wanunuzi, na Jeshi likaingia kwenye usombaji. Ukafuata uhakiki: mtu aonyeshe shamba lake ndipo alipwe, ili waliokusanya korosho kwa kangomba wasilipwe kama wakulima.

Msimu huo haukuwa na mnada wa kawaida. Aliyekuambia "niliogopa kupeleka ghalani" akiukumbuka mwaka huo hakuwa akisema juu ya pengo la malipo kama wanavyosema wengine. Wengine walichelewa kulipwa kwa sababu ya uhakiki, na wengine waliogopa kuulizwa korosho walizitoa wapi. Kwenye rasimu yako majibu ya msimu huo yamechanganyika na ya misimu mingine, aya moja ina 2017, inayofuata 2018, kisha unarudi 2016. Msomaji anayeijua historia hii, na mtahini wako wa nje bila shaka ataijua, atauliza mara moja unazungumzia msimu gani.

Kwa hiyo rudi kwenye manukuu ya mahojiano, si kwenye rasimu, na kwa kila dondoo uandike msimu unaozungumziwa. Dondoo ambayo huwezi kujua ni ya msimu gani, usiitumie kubeba hoja ya bei wala ya kuchelewa kwa malipo. Inaweza kubaki kwenye mambo yasiyotegemea mwaka, kama namna bakuli la kangomba linavyojazwa hadi kufanya mlima wakati mkulima analipwa kana kwamba ni kilo moja ya mizani.

Hatua ya tano: mifupa mipya

Sasa ndipo unaandika vichwa. Napendekeza hivi, na uko huru kunibishia ukiwa na sababu:

5.1 Waliohojiwa. Nusu ukurasa. Jedwali la umri, elimu na ukubwa wa shamba liende kwenye viambatisho, isipokuwa namba utakazozitumia tena.

5.2 Kutoka mizani hadi benki. Hapa unaeleza korosho inavyopita: AMCOS, ghala kuu, upimaji wa ubora, mnada wa chama kikuu, mnunuzi kulipa, makato, akaunti ya mkulima. Zile nyaraka za 5.6 na mahojiano ya viongozi ya 5.5 vinaletwa huku, kwa sababu ndivyo vinavyoonyesha kila hatua inachukua muda gani. Na ile aya ya ghala ya ukurasa wa 15 niliyosema tutaitafutia kazi, kazi yake ni hii: inamfungulia msomaji mlango wa 5.2.

5.3 Kuuza wakati wa mavuno. Aya zote za M.

5.4 Kuuza kabla ya mavuno. Aya zote za D. Hii ndiyo sehemu ndefu kuliko zote, na iwe hivyo. Usiipunguze ili ilingane na nyingine.

5.5 Wasiohitaji kangomba. Aya za N.

5.6 Msimu wa 2018/19.

Utauliza vijiji vimekwenda wapi. Havijapotea, kila dondoo bado itataja kijiji chake. Lakini kuna mahali pamoja ambapo kijiji chenyewe ni sababu, nako ni 5.5. Kijiji C, kule Nachingwea, kinalima ufuta kwa wingi, na ufuta unauzwa katikati ya mwaka, kabla ya mavuno ya korosho. Nyumba yenye ufuta inaingiza fedha katika miezi ileile ambayo nyumba ya Kijiji A, iliyotegemea mkorosho peke yake, inakwenda kukopa. Jambo hili umeliandika kwenye tanbihi! Ni ushahidi wenye nguvu kuliko wote ulionao wa kuonyesha kwamba tatizo la D ni kalenda ya fedha ya kaya, si tabia ya mkulima. Lipandishe liwe sehemu yake, na hapo linganisha Kijiji C na A waziwazi.

Angalizo moja kuhusu ulinganisho huo. Nachingwea iko chini ya chama kikuu cha RUNALI, na vijiji vyako viwili vya kwanza viko chini ya chama kikuu cha TANECU. Mtu anaweza kusema tofauti imeletwa na chama kikuu, si ufuta. Jibu lako lipo ndani ya Kijiji C chenyewe: wapo wasiolima ufuta, nao walikopa. Anza na hao kabla ya kulinganisha wilaya kwa wilaya.

Mjadala wa 5.7 sijauweka, nawe usiuweke. Nusu yake utaumaliza ndani ya kila sehemu, palepale ushahidi ulipo, na nusu inayolinganisha matokeo na maandiko ya wengine inakwenda Sura ya Sita.

Hatua ya sita: andika upya, usikate na kubandika

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ukikata aya za zamani na kuzibandika chini ya vichwa vipya, utabeba pamoja nazo maneno ya mpangilio wa zamani: "kama ilivyokuwa katika kijiji kilichotangulia", "tukirejea kwa viongozi tuliowaona hapo juu", "katika kijiji hiki pia". Kila neno la namna hiyo litakuwa linaelekeza mahali ambapo hapapo tena. Na mbaya zaidi, kila aya bado itaanza na mtu na kijiji, badala ya kuanza na dai.

Anza na 5.4 peke yake. Fungua ukurasa mtupu. Weka daftari kando, na dondoo za D zilizochapishwa. Andika sentensi ya kwanza ya kila aya kutoka kwenye daftari, kisha ushahidi uufuate.

Aya yako ya ukurasa wa 23 sasa inaanza hivi: "Mshiriki mwingine katika Kijiji B, mzee wa miaka 61 mwenye duka dogo karibu na msikiti, alieleza kuwa maisha ni magumu na kwamba alichukua fedha kwa mtu mwezi wa saba." Katika mpangilio mpya ingeanza hivi:

"Aliyekopa kabla ya mavuno hakuwa na korosho za kuuza Oktoba, hata pale alipojua bei ya mnada. Mkulima mmoja wa Kijiji B alitaja bei ya mnada uliopita na makato yake, kisha akaeleza kwamba magunia yaliyokuwa barazani kwake yalikuwa yanasubiri kuchukuliwa na aliyemkopesha Julai."

Angalia kilichotokea. Dai limetangulia. Ujuzi wake wa bei umesogea karibu na deni lake, kwa hiyo msomaji mwenyewe anaona kwamba elimu siyo tatizo. Na duka karibu na msikiti limeondoka. Hilo la mwisho nataka ulizingatie kuliko mengine yote katika barua hii. Kangomba imepigwa marufuku. Mtu yeyote wa kijiji kile akisoma "mzee mwenye duka karibu na msikiti" atajua ni nani, hata ukikiita kijiji B. Ulimwahidi kumficha. Unapoandika upya, kila dondoo iulize: je, jirani yake angemtambua? Kama ndiyo, punguza umri, punguza kazi, punguza mahali, ubakize tu kile ambacho hoja inakihitaji.

Jambo jingine la 5.4: usidai usichonacho. Ulizungumza na wakopaji. Wakopeshaji hukuwapata, na naelewa kwa nini. Kwa hiyo unaweza kusema wakopaji walieleza masharti gani, na walivyoyaona. Huwezi kusema faida ya mkopeshaji ni kiasi gani, wala kwamba wanashirikiana kupanga masharti, ingawa rasimu inasema yote mawili. Andika mpaka huo ndani ya sehemu yenyewe kwa sentensi mbili, usiuache ukae Sura ya Saba peke yake.

Ukimaliza 5.4, isome sentensi za kwanza za aya tu, kutoka juu hadi chini, ukiruka mengine yote. Zikisomeka kama maelezo yanayofuatana, sehemu imesimama. Ukikuta sentensi mbili zinazoweza kubadilishana nafasi bila msomaji kugundua, bado hujaamua ipi inategemea ipi.

Aya zitakazobaki

Zitabaki, na baadhi ni nzuri. Fungua faili jingine, ziweke humo, uliite mabaki. Malalamiko juu ya uongozi wa vyama nadhani ni makala yake mwenyewe, usiyalazimishe kuingia hapa. Aya za namna ya kuchambua madaraja ya korosho zinaweza kufupishwa kuwa sentensi tatu ndani ya 5.2. Historia, kama nilivyosema, iende Sura ya Pili, lakini kwanza angalia isije ikawa tayari iko kule. Nakumbuka kuiona sheria ya 2005 mara mbili.

Utakachonitumia, na kwa mfuatano upi

Usinitumie sura nzima. Nitumie kwanza kurasa za daftari: namba za aya, sentensi zake na herufi zake, hata kama ni picha za simu. Chini yake andika dai la sura kwa maneno yako. Hayo nitayarudisha ndani ya juma moja, na tutazungumza kwa simu kabla hujaandika chochote. Kisha nitumie 5.4 peke yake. Tukikubaliana juu yake, 5.3 na 5.5 zitakwenda haraka, maana zinajengwa kwa namna ileile. 5.2 iandike mwisho kabisa, kwa sababu hadi hapo utakuwa unajua ni hatua zipi za safari ya fedha ambazo hoja yako inazihitaji na zipi ni za kupita.

Kuhusu tarehe ya kuwasilisha: nimeitazama kalenda ya kurugenzi na nafasi ipo, mradi Sura ya Sita usiiguse hadi hii ikamilike. Ukianza kuiandika sasa utaijenga juu ya hitimisho la ukurasa wa 47, na itabidi uivunje nayo.

Ukija Mtwara wiki ijayo kwa kikao cha walimu, njoo na manukuu ya mahojiano ya Kijiji C, yale yaliyoandikwa kwa mkono. Nataka tuwatazame pamoja wale wasiolima ufuta.

Wasalaam,
Msimamizi wako,
Mtwara